Povu kwenye mtungi wa gesi: unapaka wapi, unasomaje

Shangazi yangu wa Ngamiani alinipigia simu jioni moja baada ya magharibi. Mchana wake alikuwa amebadilisha mtungi wa kilo 15. Kijana wa bodaboda aliuleta, akachomeka regulata, akawasha jiko kuonyesha linawaka, akachukua fedha yake akaondoka. Giza lilipoingia shangazi akaanza kusikia harufu. Haikuwa kali, inakuja na kupotea. Jirani mmoja akamwambia hiyo ni kawaida ya mtungi mpya. Wa pili akasema mtungi umejaa mno, aumwagie maji. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeninyanyua kitini, akamshauri awashe kiberiti akipitishe polepole kwenye mpira aone moto utashika wapi.

Natengeneza majiko ya gesi hapa Tanga, na maneno ya majirani wale watatu nayasikia karibu kila wiki. Tangu watu wengi walipoacha mkaa na kuhamia gesi, mitungi imeingia nyumbani haraka kuliko maelezo ya kuitumia. Mtu anajua kuwasha na kuzima. Hajui harufu inatoka wapi, na akitaka kujua, kitu cha kwanza kumjia mkononi ni kiberiti. Pua husema tu kwamba gesi ipo. Wa kukuonyesha inapotokea ni povu la sabuni, lakini lazima ujue kulipaka na kulisoma. Nimeona mafundi wenzangu wakipaka sabuni vizuri kabisa na bado wakakosa kuona uvujaji uliokuwa mbele ya macho yao.

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vyenyewe. Mtungi una gesi iliyobanwa mpaka ikawa maji. Ndiyo maana ukiutikisa unasikia kitu kikicheza ndani. Juu yake kuna valvu, yaani mlango wa kutokea gesi. Regulata ni kile kichwa unachochomeka au kufunga juu ya valvu, chenye swichi ya kufungulia, na kazi yake ni kupunguza nguvu ya gesi. Mpira wa gesi unatoka kwenye regulata kwenda kwenye kibomba kilicho nyuma ya jiko, na kila ncha ya mpira hubanwa kwa klipu, ile pete ya chuma inayokazwa kwa bisibisi. Ndani ya maungio ya valvu na regulata kuna raba, pete ndogo nyeusi ya kuziba. Kumbuka hiyo raba, tutairudia.

Kwa nini nguvu ya gesi ipunguzwe? Kwenye joto letu la pwani gesi iliyo ndani ya mtungi inasukuma kwa nguvu mara kadhaa ya ile ya hewa inayotuzunguka, kama tairi lililojazwa likakaza. Regulata ya jiko la nyumbani huishusha mpaka kiasi cha milibari 30 hivi. Kama tarakimu hiyo haikuambii kitu, chukua mrija, uzamishe sentimita 30 ndani ya ndoo ya maji, kisha upulize mpaka mapovu yatoke chini. Nguvu uliyotumia mashavuni ndiyo inayolisha jiko lako. Ni ndogo sana. Kwa hiyo uvujaji ulio kabla ya regulata, pale inapokutana na mtungi, una nguvu na hujionyesha mara moja. Uvujaji ulio baada ya regulata, kwenye mpira na kwenye jiko, ni wa pole. Povu lake huvimba taratibu, na mwenye haraka hulikosa.

Baiskeli na karai

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo mfano wangu haupati shida hapa. Fundi akitaka kujua tyubu imetoboka wapi, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye karai la maji, anaizungusha polepole. Mapovu yanapopanda ndipo penye tundu. Kalamu, alama, kiraka.

Mtungi na jiko huwezi kuvizamisha kwenye karai, kwa hiyo badala ya kupeleka kitu kwenye maji, tunapeleka maji kwenye kitu. Maji matupu hayafai, yanateleza na kudondoka. Sabuni huyafanya yashike kama ngozi nyembamba juu ya maungio, na gesi ikitoka chini ya ngozi hiyo inaivimbisha. Siri nyingine hakuna. Lakini fundi wa baiskeli hazamishi tyubu isiyo na upepo, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Mtu anafunga regulata kwa ajili ya usalama, anapaka sabuni kila mahali, haoni povu, anatangaza mpira ni mzima. Amepima mpira mtupu. Wakati wa kupima, swichi za jiko zote ziwe zimefungwa na regulata iwe imefunguliwa, ili gesi ijae mpaka nyuma ya jiko na ikose pa kutokea isipokuwa kwenye kasoro.

Kuna mpaka usiovukwa. Kipimo hiki ni cha baada ya kufunga mtungi, au cha kutafuta harufu hafifu baada ya chumba kupata hewa. Ukiingia jikoni ukakuta harufu imetanda, au ukasikia mlio wa gesi unaoendelea, achana na sabuni. Zima moto wowote uliopo, funga regulata kama unaifikia bila kujiweka hatarini, fungua mlango na madirisha, toa watu, na ukiwa nje mbali na nyumba piga 114, namba ya Zimamoto. Usiguse swichi ya taa, wala kuiwasha wala kuizima, na feni vilevile. Wengi hukimbilia feni ili itoe harufu, kumbe ile cheche ndogo ya ndani ya swichi inatosha kuwasha gesi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi darini kama moshi. Inashuka na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, inatafuta kona, shimo, mfereji wa bafuni. Dirisha la juu pekee haliitoi. Mlango wa uani unaogusa sakafu ndio unaoitoa, na ufagio ukipepewa chini kuelekea mlangoni husaidia kuliko unavyodhani. Huanza kuweza kuwaka ikifika kiasi cha sehemu 2 katika kila 100 za hewa. Yenyewe haina harufu. Ile ya mayai viza huongezwa makusudi, kwa kipimo cha kutuwezesha kuisikia ikiwa bado kama sehemu moja ya tano ya kiwango hicho cha kuwaka. Kwa hiyo harufu hafifu ni onyo lililokuja mapema. Shida ni kwamba pua huzoea. Ukikaa nusu saa ndani ya harufu ileile utasema imeisha, wakati aliyetoka nje akiingia anashtuka. Na mwenye mafua hana onyo kabisa.

Maji ya sabuni yenyewe

Kikombe cha chai cha maji, vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Koroga taratibu, kisha acha dakika moja povu la juu litulie. Usiyapige mpaka yawe kama mayai ya keki. Ukipaka povu lililokwisha kuwa povu hutajua lipi ni lako na lipi ni la gesi. Tunataka maji mazito yanayong'aa, yasiyo na mapovu, ili likitokea hata moja tujue lina sababu.

Mtu akiishi sehemu yenye visima vya maji ya chumvi, na Tanga hatuna uhaba wa visima hivyo, achote ya bomba. Sabuni ya mche kwenye maji ya chumvi huganda kama maziwa yaliyokatika badala ya kutoa povu. Halafu chumvi hiyohiyo inabaki kwenye shaba ya regulata na kuanza kuila. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie sabuni yenye dawa ya kung'arishia nguo. Shaba na dawa za klorini hawapatani.

Kupaka, brashi ndogo ya rangi ndiyo nzuri kuliko zote. Sponji linafaa. Chupa ya kupulizia pia, ila hutawanya na kukunyima kuona upande wa chini. Kama jikoni kuna upepo wa kusi unaoingia moja kwa moja, simama uukinge, maana hukausha ngozi ya sabuni kabla haijapata nafasi ya kuvimba.

Nyumbani kwa shangazi

Kwenye simu nilimwomba atoke nje kwanza, tukaongea akiwa barabarani. Harufu ilikuwa hafifu na hakuna mlio, kwa hiyo nikamwambia arudi, afunge swichi ya regulata, aache mlango wa uani wazi, asiwashe wala kuzima chochote, na tochi asiiwashie ndani. Nilipofika, kama nusu saa baadaye, harufu haikuwepo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huu mtungi mimi siutaki, urudishwe."

"Tuuangalie kwanza. Pengine hauna kosa."

Alikuwa na jambo jingine lililomtia hofu. Kwenye tumbo la mtungi kulikuwa na majimaji, yamejipanga mpaka usawa fulani, chini yake mtungi baridi. Alidhani gesi inapenya chuma. Hilo huliona kila mtu wa pwani na halina ubaya: gesi ya maji inapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto, chuma kinapoa, na unyevu wa hewa yetu unakuwa maji juu yake kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Usawa wa jasho lile hata hukuonyesha gesi imebaki kiasi gani. Ili aridhike nililipaka sabuni. Halikufanya kitu.

Kisha tukaanza kazi. Niligusa swichi zote za jiko kuhakikisha zimefungwa. Jirani alikuwa ameacha kibatari kinawaka uani, tukakizima. Nikafungua regulata.

Nilianzia kwenye mtungi, na ningekushauri uanzie hapo kila mara kwa sababu ndipo penye nguvu. Nikazungusha brashi pale regulata inapokaa juu ya valvu, mzunguko mzima, pamoja na upande wa ukutani nisiouona, ambao nilitazama kwa kioo kidogo cha shangazi cha wanja. Hazikupita sekunde tano. Upande mmoja mapovu makubwa yakachomoza, yanapasuka, yanachomoza tena, moja baada ya jingine. Uvujaji wa kabla ya regulata huonekana hivyo, hauna subira.

Jibu la haraka la watu hapa ni kukandamiza regulata kwa nguvu au kuifunga kamba. Nilifunga swichi, nikasubiri kidogo, nikaitoa regulata, nikamulika mdomo wa valvu. Raba ilikuwepo, nzima, lakini juu yake chembe ya mchanga na ncha ya plastiki ya ile sili ya kiwandani iliyochanwa kwa papara. Kijana aliichana kwa meno, nadhani, kipande kikabaki. Raba haiwezi kuziba juu ya mchanga, kama mlango usivyofungika wenye jiwe kizingitini. Nikakitoa kwa njiti ya mti, si kwa msumari, maana msumari unakwaruza raba. Kabla ya kurudisha regulata nilidondosha tone la sabuni kwenye mdomo wa valvu wenyewe ukiwa mtupu. Valvu ya aina ile inajifunga yenyewe ikitolewa regulata. Tone lilitulia tuli. Lingevimba, ningejua valvu ya mtungi ni mbovu, na hapo shangazi angekuwa sahihi: mtungi unatolewa nje ukiwa umesimama wima, mahali pa wazi mbali na moto na mifereji, na aliyeuuza anaitwa kuuchukua. Kasoro ya valvu haitengenezwi nyumbani na haitengenezwi na mimi. Nikafuta tone, nikarudisha regulata ikiwa imenyooka, nikabana mpaka ikalia "tak", nikaivuta juu kidogo kuona kama imeshika. Nikafungua, nikapaka tena. Kimya.

Hapa ndipo ile raba niliyokuomba uikumbuke inapoingia. Kwenye mitungi mingi ya kuchomeka, raba inakaa ndani ya valvu ya mtungi. Si mali ya regulata yako. Maana yake ukibadili mtungi unabadili na raba, na regulata ileile iliyoziba vizuri mwezi mzima inaweza kuvuja leo bila kosa lake. Kwa hiyo "mbona jana haikuvuja" si hoja. Kila mtungi mpya unapimwa upya.

Shangazi akadhani tumemaliza. Nikaendelea na regulata yenyewe. Ni kama visahani viwili vilivyofunikana, na katikati kuna utando wa mpira unaopanda na kushuka. Nilipaka kwenye mstari wa kuungana visahani. Juu yake kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Hapo hayawekwi maji mengi, unapitisha brashi nyevu tu ili ngozi ya sabuni ikae juu ya tundu. Utando ukiwa umepasuka, tundu hilo litapuliza povu, na regulata ya namna hiyo inatupwa. Haifunguliwi, haitiwi gundi. Ya shangazi ilikuwa nzima.

Halafu ncha ya mpira upande wa regulata: hakuna kitu. Nikafuata mpira wenyewe, nikiupaka huku nikiukunja kidogo kwa mkono kila baada ya kiganja kimoja, kwa sababu ufa mdogo hufumba mpira ukinyooka na kufumbuka ukikunjwa. Nikafika nyuma ya jiko, kwenye klipu ya kibomba. Nikapaka, nikangoja. Sekunde 10, hakuna. Sekunde 20, hakuna. Shangazi akaanza kukunja kanga. Kwenye kama sekunde 40 pembeni ya klipu kikatokea kitu cheupe kidogo, kama yai la chawa, kisha kikawa kama punje ya mchele, kisha punje tatu. Hayakuwa mapovu ya kupasuka. Ilikuwa kama povu la mate, laini, linaongezeka bila haraka. Uvujaji mdogo wa nguvu ndogo huonekana hivyo, na ndio uliokuwa ukitoa ile harufu ya kuja na kupotea hata kabla ya mtungi mpya. Nilipomuuliza, shangazi akakiri kwamba alishaisikia mwezi uliopita akadhani ni samaki.

Mapovu yanayoletwa na brashi nayo yapo, na ndiyo yanayowachanganya watu. Tofauti ni moja: ya brashi hupungua, ya gesi huongezeka. Ukiona povu usihukumu. Lifute kwa kidole, paka tena, tazama dakika nzima. Likirudi mahali palepale, umepata.

Nilifunga regulata, nikalegeza klipu, nikavuta mpira. Chini ya klipu kulikuwa na alama ya kukatwa. Mtu alikuwa ameikaza kila aliposikia harufu, na kila akiikaza chuma kinazama ndani ya mpira. Klipu inakazwa mpaka mpira usizunguke kwa mkono, basi. Ukiona nyama ya mpira imefura pande mbili za chuma umepitiliza. Kama mpira ungekuwa mpya, ningekata ile sentimita tatu ya ncha kwa kisu kikali, kwa mkato ulionyooka, na kuurudisha. Lakini nilipoukunja mkononi kwenye mwanga, mgongo wake ulionyesha nyufa nyembamba pande zote, kama tope la shamba la chumvi lililokauka. Mwaka uliopigwa chapa ubavuni ulikuwa 2016. Watengenezaji wengi huupa mpira wa gesi miaka isiyozidi mitano, na nyuma ya jiko lenye joto, kwenye hewa yetu ya bahari, mimi siungoji imalizike nikishaona nyufa. Panya nao hawasomi tarehe.

Tukanunua mpira mwingine kesho yake asubuhi, usiku ule akapikia mkaa.

Kufunga upya

Mpira wa gesi lazima uwe wa gesi. Una maandishi ubavuni yanayosema hivyo, na umefumwa nyuzi ndani ya tabaka zake. Ule mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, wa kumwagilia bustani, unafanana nao na kugharimu kidogo, lakini gesi ya kupikia hufyonza vilainisho vya plastiki hiyo. Baada ya miezi unakuwa mgumu kama mfupa na kuachia kibomba. Niliutoa mmoja nyumba moja ya Makorora ukavunjika mkononi kama kijiti cha muhogo mkavu.

Urefu wa mita moja na nusu unatosha kwa nyumba nyingi: mtungi kando ya jiko, si chini yake, na mpira unaning'inia kwa ulegevu bila kukunjika wala kupita nyuma ya oveni. Ncha nikailainisha kwenye maji ya moto, si kwa mafuta wala kwa moto, nikaisukuma mpaka ikapita migongo yote ya kibomba, klipu nikaiweka nyuma ya mgongo wa mwisho. Mtungi ukawekwa wima sakafuni. Kuna wanaoulaza gesi ikikaribia kuisha ili "imalizike". Ukilala, kinachoingia kwenye regulata ni gesi ya maji, ambayo ikigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 200, na moto unaotoka jikoni hapo si wa kuivishia wali. Harufu nayo huzidi mtungi ukikaribia kuisha, kwa kuwa ile dawa ya harufu huchelewa kutoka na kubaki chini. Hiyo ni kweli, haikuzuliwa, ila isiwe sababu ya kuacha kupaka sabuni.

Regulata iwe ya aina moja na valvu. Vichwa vya mitungi havifanani, na kubadili kampuni ya gesi wakati mwingine kunakulazimu kubadili regulata. Ikiwa haikai bila kupigwa ngumi, si yake. Ile ya presha kubwa yenye kishikio cha kuzungusha, wanayotumia wakaanga chipsi na mama lishe, usiifunge kwenye jiko la nyumbani la pleti mbili hata ukiambiwa moto utakuwa mkali. Utakuwa mkali kweli, lakini swichi za jiko lile na pengine mpira wake havikutengenezwa kubeba nguvu hiyo, na povu utaliona mahali ambapo jana hapakuwa nalo.

Wenye mtungi mdogo wa kilo 6 na kichomeo juu yake hawana mpira wala regulata ya kupima. Wana maungio mamoja tu, pale kichomeo kinapofungwa kwa nyuzi za skrubu, lakini hayo yapo upande wenye nguvu kamili ya mtungi. Mlio mfupi wakati wa kuzungusha ni wa kawaida, kwa sababu ncha ya kichomeo hugusa kipini cha valvu kabla raba haijabanwa sawasawa. Mlio ukiendelea baada ya kukaza kwa mkono, fungua uitazame raba. Koleo halitibu raba iliyokatika.

Mpira wa shangazi ulipokaa, nilifungua regulata na kupaka mara ya mwisho, mahali palepale kwa mpangilio uleule, nikaongeza shingo za swichi za jiko. Dakika nzima kila pahali. Baada ya hapo nikafuta sabuni yote kwa kitambaa chenye maji safi na kukausha. Kwa kuwasha, njiti kwanza kisha gesi. Kwa kuzima usiku, anafunga regulata moto ukiwa bado unawaka, moto unakula gesi iliyobaki ndani ya mpira na kujifia wenyewe, ndipo anafunga swichi ya jiko. Mpira unalala mtupu.

Kuna kisichopimwa kwa njia hii, na nilimwambia. Swichi zikiwa zimefungwa, sabuni haikuonyeshi kinachotokea baada yake, kwenye vibomba vya ndani kuelekea kwenye vichomeo. Hapo tunategemea moto wenyewe: bluu iliyotulia, unaoanzia kwenye matundu. Ukiona ulimi wa moto chini ya sahani au ubavuni mwa swichi, zima, funga regulata, mwite fundi.

Kikombe cha sabuni na brashi sasa vinakaa kwenye rafu yake ya viungo, kando ya bizari. Mtungi ulipoisha safari iliyofuata, yule kijana wa bodaboda alisimama mlangoni dakika tatu akisubiri fedha yake huku shangazi ameinama na kile kioo cha wanja.

"Mama, mbona mimi nafunga vizuri tu?"

"Najua baba. Shika hapa brashi, nioneshe."